Pauni sita na shilingi tisa: kukokotoa ada ya bima ya maisha kwa jedwali la Halley

Juni 1583, mjini London, wafanyabiashara kadhaa walitia sahihi hati moja: William Gybbons akifa ndani ya miezi 12, wao watalipa. Ada waliyotoza ilikuwa pauni 8 kwa kila pauni 100. Gybbons alifariki Mei mwaka uliofuata, na wale waliotia sahihi wakaja na hoja ya ajabu kwamba mwezi ni wiki nne, hivyo miezi 12 ilikuwa imekwisha kabla hajafa. Mahakama iliwakatalia. Hati hiyo ndiyo ya kale zaidi inayojulikana Uingereza katika bima ya maisha ya muda maalumu, yaani ile inayolipa mtu akifa ndani ya muda uliotajwa, na akiupita muda huo salama hailipi kitu.

Mimi kesi yenyewe hainishughulishi sana kuliko zile pauni 8. Zilitoka wapi? Wakati huo hapakuwa na jedwali la vifo, kwa hiyo aliyeweka bei hakuwa na namna ya kujua kama ametoza mara mbili ya hatari au nusu yake. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1693, pale Edmond Halley, mwanafalaki anayejulikana zaidi kwa nyotamkia yenye jina lake, alipochapisha jedwali la vifo katika jarida la Royal Society ya London. Takwimu zake hazikuwa za London. Orodha za vifo za jiji hilo hazikuandika umri wa marehemu hadi mwaka 1728, na tena London ilijaa wageni waliozaliwa kwingine wakaja kufia hapo. Halley alitumia kumbukumbu za Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, zilizokusanywa na mchungaji Caspar Neumann kwa miaka ya 1687 hadi 1691.

Tuchukue mtu wa miaka 30 anayetaka bima ya miaka mitano ya pauni 100, na anataka kulipa ada yote kwa mkupuo siku ya kwanza. Tunatafuta ada tupu: ile inayotosha kulipa fidia peke yake, bila gharama za ofisi, kamisheni wala faida.

Katika jedwali la Halley, walio hai wakiwa na miaka 30 ni 531. Wakifika 31 wamebaki 523, halafu 515, 507, 499, na wakifika 35 wamebaki 490. Ukitoa mstari kwa mstari unapata waliokufa kila mwaka: 8, 8, 8, 8 na 9. Mpangilio huo nadhifu haukutoka moja kwa moja kwenye vitabu vya Breslau. Halley alizilainisha namba ili kuondoa mirukoruko ya bahati, na hadi leo wanaotengeneza majedwali hufanya hivyo kabla ya kuyatumia.

Jumla ya waliokufa ni 41 kati ya 531. Kama fedha hazizai, kila mmoja angelipa 41 gawanya kwa 531, mara 100, yaani pauni 7.72. Lakini ada inaingia leo, na fidia ya mwaka wa tano itatoka baada ya miaka mitano ya kuzaa riba. Halley alitumia riba ya asilimia 6 alipokokotoa thamani ya malipo ya kila mwaka ya maisha, nasi tuifuate. Pauni 1 itakayolipwa mwakani inahitaji pauni 1 gawanya kwa 1.06 leo, yaani 0.9434. Ya mwaka wa tano inahitaji 0.7473 tu. Tukikiita kizidisho cha mwaka mmoja v, hesabu yote ni hii:

```
A = (8v + 8v² + 8v³ + 8v⁴ + 9v⁵) / 531
v = 1 / 1.06
```

Juu ya mstari unapata 34.446. Gawanya kwa 531, zidisha kwa 100: pauni 6.487. Kwa fedha za wakati ule ni pauni 6, shilingi 9 na peni 9.

Njia bora ya kuihakiki ni kuendesha mfuko wenyewe. Watu 531 wakilipa kila mmoja ada hiyo, mfuko unaanza na pauni 3,444.62. Mwisho wa mwaka wa kwanza, riba imeufikisha 3,651.29, warithi wa watu 8 wanachukua 800, zinabaki 2,851.29. Endelea hivyo hivyo, riba kwanza kisha fidia. Mwaka wa tano unaanza na pauni 849.05, zinazaa hadi 900, na vifo ni 9. Mfuko unakwisha sawasawa pamoja na deni lake.

Jaribio hilo ndilo linalofichua kosa ambalo wanaoanza hulifanya mara kwa mara. Wanachukua uwezekano wa kufa kwa kila umri, 8 kwa 531, 8 kwa 523, 8 kwa 515 na kuendelea, wanaupunguza kwa riba na kujumlisha. Wanapata pauni 6.68. Wamesahau kwamba ili mtu afe akiwa na miaka 34, lazima kwanza awe ameishi kutoka 30 hadi 34. Uwezekano wa kuishi ulipaswa kuzidishwa pia. Katika miaka mitano tofauti ni shilingi nne hivi, mtu anaweza asiione kwa macho. Endesha mfuko, na mwishoni utaona fedha zimebaki bila mwenyewe. Katika bima ya miaka 30 kosa hilo hilo linakuwa kubwa mno.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu yetu imelirahisisha. Tumedhani fidia zote zinalipwa mwaka wa bima ukiisha, ilhali watu hufa mwaka mzima na familia haingoji. Kwa wastani kifo hutokea katikati ya mwaka, kwa hiyo ada huzidishwa kwa riba ya nusu mwaka, 1.0296 hivi. Inapanda hadi pauni 6.68, sawa na jibu la wale waliokosea, kwa bahati tu. Ndiyo maana jibu kulingana na la jirani si ushahidi kwamba njia ni sahihi.

Riba nayo ina uzito wake. Ukiishusha kutoka asilimia 6 hadi 3, ada ya mwisho wa mwaka inatoka 6.49 na kufika 7.06. Anayeahidi riba kubwa anauza bima rahisi, na upungufu utaonekana miaka kadhaa baadaye, fedha za ada zikiwa zimeshapokelewa.

Mtu aliyeichukua hesabu hii na kutaka iwe biashara ni James Dodson, mwalimu wa hisabati wa London. Alikataliwa na chama cha bima cha Amicable kwa sababu umri wake ulikuwa umepita kikomo chao. Chama hicho kilitoza wanachama sawa bila kujali umri, kwa hiyo mzee alikuwa mzigo na njia pekee ya kujikinga ilikuwa kumfungia mlango. Dodson aliona kwamba ukijua ada ya kila umri, huna sababu ya kumfukuza mtu wa miaka 46. Unamtoza kadiri ya hatari yake. Alifariki mwaka 1757, na kampuni aliyoipigania, Equitable, ikaanza mwaka 1762.

Equitable baadaye ilihamia jedwali la Northampton, lililotengenezwa na Richard Price kutoka vitabu vya mazishi na ubatizo vya mji huo. Lilikuwa na kasoro. Northampton ilikuwa na familia nyingi za Kibaptisti ambazo hazibatizi watoto wachanga, kwa hiyo waliozaliwa walionekana wachache kuliko ukweli, na vifo vikaonekana vingi. Tazama fomula yetu: vifo viko juu ya mstari. Jedwali linalotia chumvi vifo linapandisha ada, na Equitable ilijikuta na akiba nene iliyotoka mifukoni mwa wanachama wake wenyewe.

Serikali ya Uingereza ililichukua jedwali hilo hilo kuanzia mwaka 1808 na kuuza malipo ya maisha, yale ambayo mnunuzi hulipwa kila mwaka hadi afe. Hapo upande unageuka. Anayedhaniwa atakufa mapema huuziwa kwa bei ndogo, kisha anaendelea kuishi na kulipwa. Hazina ilipoteza fedha mwaka baada ya mwaka, hadi John Finlaison alipozihesabu upya kumbukumbu za wanunuzi wenyewe na kuonyesha hasara ilikotoka. Alitenganisha pia wanaume na wanawake, kwa sababu wanawake waliishi zaidi na jedwali moja lilikuwa likiwauzia wote kwa bei moja.