Mashine haioni uso wangu: nani alaumiwe?

Ndugu zangu mulio mwaka wa mwisho, na ninyi munaotafuta masomo ya nje, tuongee kidogo juu ya zile programu zinazotuchunga tukifanya mtihani nyumbani. Batu wengi wanaziogopa juu ya kushitakiwa wizi. Lakini shida inaanza mapema kuliko hapo. Kabla ya swali la kwanza, kamera inatafuta uso wako, kisha inakuomba uzungushe kompyuta ionyeshe meza, kuta na mlango. Ikikwama hapo, mtihani haufunguki, hata kama umejua masomo yote.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Robin Pocornie, mwanafunzi mweusi wa Vrije Universiteit huko Amsterdam. Wakati wa korona chuo chake kilitumia programu ya Proctorio. Yeye alikuwa anapata ujumbe kama "face not found" ao "room too dark", mpaka ikabidi aweke taa yenye nguvu ikimmulika usoni muda wote wa mtihani. Mwaka 2022 alipeleka malalamiko kwa taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi. Mwezi wa 12 wakasema kuna dalili za kutosha za ubaguzi, kwa hiyo chuo ndicho kinapaswa kujieleza. Mwezi wa 10 wa 2023 uamuzi ukatoka: rekodi za programu hazikuonyesha kwamba yeye alisumbuliwa kuliko wengine juu ya rangi ya ngozi, lakini chuo kilipaswa kushughulikia malalamiko yake kwa uangalifu zaidi.

Mimi naona uamuzi huo unatufundisha kitu kigumu. Rekodi zinaonyesha saa uliyoingia na mara ngapi ulikatika. Hazionyeshi taa uliyowasha ili usikatike. Ukijisumbua sana mpaka kamera ikukubali, mashine inaandika tu kwamba kila kitu kilienda sawa. Jasho lako halimo.

Kwa nini inakwama? Programu nyingi zinatafuta tofauti ya mwanga na kivuli kati ya macho, pua na mashavu. Kamera ndogo ya kompyuta nayo inapima mwanga wa picha nzima. Kama dirisha liko nyuma yako, inapunguza mwanga, na uso unabaki doa jeusi. Ngozi yetu, katika mwanga hafifu, inapoteza zile tofauti haraka. Na mwaka 2021 mtafiti mmoja alijaribu mifano ya OpenCV aliyoikuta ndani ya Proctorio: ilishindwa kuona nyuso za watu weusi zaidi ya nusu ya mara.

Sasa tuseme uko Bukavu, na mtihani wa Amsterdam ni saa kumi na moja jioni, mwezi wa kwanza. Kwao majira ya baridi saa iko nyuma yetu kwa moja, kwa hiyo kwako ni saa kumi na mbili. Saa sita ya muchana ulijaribu kamera, ikapita bila shida. Lakini saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, na taa pekee iko katikati ya dari. Inatupa kivuli kwenye macho, halafu uso "unapotea" katikati ya mtihani. Kosa halikuwa kompyuta. Ulijaribu saa isiyo yake.

Basi jaribu saa ileile ya mtihani, siku moja mbele. Weka taa nyuma ya skrini, kwa urefu wa uso, na kaa mbele ya ukuta mtupu. Kuran ikikatika, taa ya betri ishike nafasi yake palepale. Kwa chumba munachoishi wengi, omba kwa maandishi mapema: ni pembe gani lazima ionekane, na mtu akiingia inakuwaje? Kuzungusha kamera fanya polepole, ukiondoa kwanza makaratasi ya familia na dawa, juu video inabaki kwao.

Ikikwama kabla ya kuanza, piga picha ya ujumbe pamoja na saa. Mtihani ukishaanza, usiguse simu. Tumia njia ya msaada iliyo ndani ya programu, na ukimaliza andika barua siku ileile: saa, maneno kamili ya ujumbe, taa uliyotumia, dakika ulizopoteza. Hiyo barua ndiyo rekodi ambayo mashine haikuweka.

Lakini tusikubali kwamba kununua taa ndiyo jibu. Chuo kinachotaka kuingia chumbani kwangu kiniambie kwanza njia ya pili ni ipi mashine yake ikishindwa: kusimamiwa na mtu, ao kurudia siku nyingine bila alama kukatwa. Kabla ya kujiandikisha, waulize hilo swali. Wasipojibu, hiyo nayo ni jibu.