Hisa Si Mwisho wa Hesabu

Tangu Sheria ya Fedha ya 2020 irekebishe Sheria ya Kampuni, na kanuni zake kutolewa 2021, anayesajili kampuni BRELA hutakiwa kumtaja mmiliki manufaa, yaani mtu wa nyama na damu aliye mwisho wa mnyororo. Kampuni haiwezi kuwa mmiliki manufaa wa kampuni nyingine. Makosa mengi huanzia hapo: mwombaji hunakili orodha ya wanahisa na kuiita orodha ya wamiliki manufaa.

Tuchukue kampuni ya kubuni ya Mwanga, Kigoma, inayosafirisha mawese na dagaa ziwani. Ina hisa 1,000: mama mmoja ana 400, kijana wa dukani ana 300, na kampuni ya Bujumbura ina 300. Kampuni hiyo ya Bujumbura ni ya ndugu wawili, kaka asilimia 70, dada asilimia 30. Ukizidisha, kaka anapata asilimia 21 ya kampuni ya Mwanga na dada 9. Lakini kuzidisha hupima mgawo wa faida tu. Kwenye kura, kaka ndiye anayeamua kampuni ya Bujumbura ipige vipi, kwa hiyo anashika asilimia 30 nzima. Dada hana sauti hiyo. Kwa kulinganisha, chini ya kanuni za Kenya, zenye kiwango cha asilimia 10, kwa hisa pekee dada angebaki nje. Angeingia iwapo angekuwa na haki ya kuteua au kumwondoa mkurugenzi.

Kigumu zaidi ni kisa cha kijana wa dukani. Tuseme mtaji wake ulitolewa na mjomba aliyeko Ujiji, gawio humfikia mjomba, na hundi haitoki bila idhini yake. Jina lake halimo popote, ila sheria ya Tanzania inamgusa: inamhesabu pia anayenufaika au kudhibiti kwa makubaliano yasiyo rasmi. Hapo mjomba atajwe, na kijana aoneshwe kuwa anashika hisa kwa niaba yake.

Watu watauliza: basi kila mkopeshaji ni mmiliki? La. Benki inayodai rejesho na riba haiamui nani awe meneja. Anayekopesha kwa sharti la kugawana faida na kuteua mkurugenzi amevuka mpaka, hata mkataba wake ukiitwa wa mkopo. Wengine husema mwongo atadanganya tu, fomu au hakuna fomu. Ni kweli fomu haimlazimishi aseme kweli, lakini inaweka kauli yake kwenye kumbukumbu, na mchunguzi anaweza kuilinganisha na watia saini wa akaunti na njia ya gawio. Pengo likionekana, swali halitakuwa tena nani mmiliki, bali kwa nini alifichwa. Ndiyo maana kabla ya kujaza asilimia, mwombaji aanze na maswali mawili: nani anaweza kuzuia uamuzi, na faida inaishia mfukoni mwa nani?