Matrekta ya Kongwa yalitakiwa kuanza kumi

Wanaofuatilia kilimo cha nyanda za kati wanajua mradi wa karanga wa Kongwa ulivyokwisha, na wengi wao huulaumu ukame wa Ugogo. Ukame ulichangia. Lakini uamuzi uliokuwa na kosa la wazi ulipita kwenye meza ya manunuzi: matrekta yaliyobaki vitani yalinunuliwa kwa wingi kutoka Ufilipino kabla hata kundi dogo halijafyeka kichaka kimoja cha Kongwa.

Haraka ilikuwepo. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na matrekta mapya hayakupatikana. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alileta wazo la karanga mwaka 1946, na ujumbe wa John Wakefield ukatumia wiki 9 kuzunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa kwa ndege. Safu hii haijawahi kuukubali ukaguzi wa ndege, na haitaukubali leo: ugumu wa udongo hauonekani kutoka juu. Ujumbe uliporudi, mpango ukawa wa zaidi ya ekari milioni 3.

Hapo ndipo ilitakiwa oda ya majaribio. Kwa muuzaji mgeni mwenye mashine zilizotumika, matrekta 10 yangetosha, na kumi hayo yachaguliwe na fundi wa mnunuzi, kutoka safu ya mbele, ya kati na ya nyuma ya uwanja. Muuzaji akiachiwa kuchagua, ataleta yaliyo bora. Kisha yapelekwe Kongwa yenyewe, kwenye vichaka vilivyosukana na udongo ule ambao jua huukausha mpaka ukawa kama tofali, wenye mchanga unaosaga majembe.

Kwa mwezi mmoja kila dereva angekuwa na daftari lenye mambo manne: saa za kazi, saa za kusimama, oili iliyoongezwa na kipuri kilichobadilishwa. Injini inayotoa moshi wa bluu na kudai oili kila siku imelika ndani, hata kama rangi yake inang'aa. Mnyororo unaolegea upya muda mfupi baada ya kukazwa umekaribia mwisho. Na kama kipuri cha kwanza kilichoagizwa hakijafika mwezi unapokwisha, mnunuzi ameshajua shida itakayomkuta akiwa na matrekta mia.

Wakati huohuo angetafutwa mtu aliyekwisha kununua kutoka uwanja uleule, na asiwe yule aliyetajwa na muuzaji. Maswali ya kumuuliza ni machache: mangapi bado yanatembea, yalisimama kwa ubovu gani, na je, angenunua tena?

Kongwa haikufuata mpangilio huo. Kufikia mwisho wa kiangazi cha Ulaya cha 1947, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Kisha likaja kosa lilelile kwa jina jipya: Vickers waligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, nayo yakashindwa na kazi.

Mfano wa kufuata ulikuwa nchini humuhumu. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Hasara ile ilikuwa ya miche mia tisa na ushee, na ilimfundisha kuhusu usafirishaji, hali ya hewa na udongo kwa wakati mmoja. Kufikia 1898 miche iliyopona ilikuwa imezaliana na kufika kama 63,000, na mashamba makubwa ya mkonge yakapata msingi. Hindorf alikuwa mnunuzi bora kuliko ofisi nzima ya karanga.

Kupima kabla ya kulipa kunajulikana hata sokoni: soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa kwenyewe, lina wanunuzi wanaochoma bambo katikati ya gunia, maana punje za mdomoni hupangwa. Hata hivyo, bambo la kwanza haliwezi kumlinda mnunuzi dhidi ya mzigo wa nne. Wapo wauzaji wanaotuma shehena mbili nzuri ili kupata imani, kisha huleta mabovu kwenye oda kubwa. Kwa hiyo majaribio yanatakiwa kupanda kwa ngazi, kumi, thelathini, kisha mia, kila ngazi ikikaguliwa upya, na sehemu ya malipo ikibaki mkononi mwa mnunuzi mpaka mashine zimalize saa zilizokubaliwa.

Mwezi mmoja wa kusubiri matrekta kumi ungechelewesha karanga. Serikali ya Uingereza ilipoufuta mradi Januari 1951, hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.