Alama Moja, Watu Elfu Kumi

Sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 iliikuta Kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita, yaani kisiwani, 154,171, na Changamwe 131,882. Zisome tarakimu hizo kwa sauti barazani Likoni, mbele ya watu ambao wengine waliacha shule darasa la tatu, na mwisho wa safari kitakachobaki masikioni ni kwamba Mombasa ina watu wengi. Mama mwenye genge hashindwi na hesabu. Chenji ya mia tano huirudisha kabla mteja hajamaliza kusema. Kinachomlemea ni kulinganisha laki mbili na nusu na laki moja u nusu kwa kusikia tu.

Dawa ya tatizo hili ina karibu miaka mia moja. Katika miaka ya 1920 Otto Neurath alianzisha jumba la makumbusho mjini Vienna ili wafanyakazi wa kawaida waweze kuziona takwimu za mji wao, na yeye na wenzake wakaitengeneza njia ya vipicha ambayo baadaye iliitwa Isotaipu. Mwaka 1954 mjane wake, Marie Neurath, aliipeleka Ibadan, Nigeria ya Magharibi, kuwaeleza wananchi mipango ya serikali yao. Msingi wake ni kanuni moja: kiasi kikizidi, ongeza idadi ya vipicha, usikuze kipicha.

Kanuni hiyo huvunjwa kila siku. Kisauni ina watu mara 2.2 ya Changamwe. Mchoraji asiye mwangalifu humchora mtu mmoja wa Changamwe, kisha mtu wa Kisauni aliyemzidi kimo mara 2.2. Lakini mtu akirefuka na kunenepa kwa kipimo hicho hicho, nafasi anayoifunika kwenye karatasi huwa karibu mara tano. Aliyesoma huenda akaitazama tarakimu iliyoandikwa pembeni akajirekebisha. Asiyesoma hana cha kumrekebisha, kwa hivyo picha humdanganya moja kwa moja.

Kwa hivyo vipicha vyote viwe sawa. Hapo linakuja swali ambalo ndilo kazi yenyewe, na ambalo wengi huliamua kwa dakika moja: kipicha kimoja kisimame badala ya watu wangapi?

Mtu akichagua elfu moja, Kisauni itahitaji vipicha 292. Hakuna atakayevihesabu, vitaonekana kama nzi ukutani. Akichagua elfu hamsini, ubao utapendeza: Kisauni sita, Likoni vitano, Nyali vinne, Jomvu vitatu, Mvita vitatu, Changamwe vitatu. Tazama kilichopotea. Jomvu imeizidi Changamwe kwa watu 31,533, na ubaoni zimelingana. Akichagua elfu kumi anapata 29, 25, 22, 16, 15 na 13. Tofauti zote zinaonekana, na safu ndefu kuliko zote bado yaweza kuhesabika. Elfu kumi ina faida nyingine: ni noti kumi za elfu moja, na hata asiyejua kuandika ameshazipokea kwa M-Pesa au kuzitoa kwenye chama. Elfu hamsini si ya kila siku kwa kila mtu.

Ila ujumlishe kwanza kabla ya kupaka rangi. Safu hizo sita zina vipicha 120, lakini watu 1,208,333 wakikadiriwa kwa elfu kumi wanatoa 121. Kimoja kimepotelea katika kukadiria kila safu peke yake. Msemaji akichora pia safu ya kaunti nzima yenye vipicha 121, atatokea mzee mmoja wa kuhesabu, na baraza litahamia kwenye watu elfu kumi waliofichwa. Ni afadhali jumla isichorwe, isemwe tu kwa mdomo kuwa ni kama milioni moja na laki mbili. Kumkata mtu nusu ili hesabu ikae sawa ni kutafuta maswali mengine: huyu ni mtoto, au ni mlemavu?

Safu ya 29 nayo isiachwe kama mkufu usio na mapumziko. Jicho la mtu yeyote, awe profesa au mvuvi, hutambua vitu vitatu au vinne kwa mara moja. Zaidi ya hapo inabidi kuhesabu. Kwa hivyo wacha nafasi ndogo baada ya kila kipicha cha tano na nafasi kubwa baada ya kila cha kumi. Kisauni basi inakuwa makumi mawili na tisa, Changamwe kumi na tatu.

Umbo la kipicha nalo lina mambo yake. Ukichora mwanamume wa suruali, utaulizwa kama wanawake hawakuhesabiwa. Kichwa na mabega vinatosha, ila vijaribiwe kwanza kwa watu. Tangu mwaka 1963 A. C. Holmes alipochapisha utafiti wake kuhusu namna Wakenya wanavyozielewa alama za picha, hakuna tena udhuru wa kudhani kwamba picha hujieleza yenyewe. Pwani kuna jambo zaidi: wazee waliopitia chuo cha Kurani tu walizoea mistari inayoanzia kulia. Safu zikianzia ukingo mmoja, mwelekeo haumsumbui mtu. Ila picha ya jana na leo ipangwe juu na chini.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye uwezekano. Kliniki ya kupanga uzazi ina takwimu za Shirika la Afya Duniani: kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge kama watu wanavyovitumia kawaida, 7 hushika mimba ndani ya mwaka, kwa sindano ni 4. Hapa huchorwa wanawake 100, kumi kwa kumi, saba wakiwa na rangi tofauti na wamekaa pamoja. Wale 93 lazima waonekane. Ukichora saba peke yao unamtisha mteja kwa mimba saba zisizo na cha kulinganishwa nacho.

Kijiti cha mkononi ndicho kinachovuruga mpango, kwa sababu wanaoshika mimba ni kama mmoja kati ya 1,000. Ukimchorea kadi yake ya watu 1,000 na kuiweka kando ya kadi ya vidonge ya watu 100, mteja ataona mmoja na saba, aamini kuwa tofauti ni mara saba. Ni mara sabini. Jicho hufuata walio na rangi na kusahau waliobaki ni wangapi. Suluhisho ni kila njia ipewe miraba kumi ya watu mia mia. Kwa vidonge kila mraba una saba, kwa sindano kila mraba una wanne, na kwa kijiti miraba tisa ni mitupu na wa kumi una mmoja.

Pasipo na karatasi, kunde zinatosha. Nchini Malawi mwaka 2006 watafiti waliwapa wanavijiji njugu kumi wazipange kwenye sahani kuonyesha uwezekano wa jambo kutokea. Kipimo cha uelewa kilikuwa rahisi: weka njugu za uwezekano wa kwenda sokoni ndani ya siku mbili, kisha ndani ya wiki mbili. Za wiki mbili haziwezi kuwa chache kuliko za siku mbili, na karibu wote walilipata hilo.

Baraza la Likoni lastahili kipimo kama hicho, na kumuuliza mtu kama ameelewa si kipimo, kwa kuwa atajibu ndiyo kwa adabu. Mwulize Likoni ina watu wangapi. Akisema ishirini na tano, anahesabu vipicha na hajui kila kimoja ni elfu kumi. Maelezo ya thamani ya kipicha yatoke pembeni yapelekwe juu ya ubao, kipicha kimoja kando ya noti kumi za elfu moja. Mwulize pia ni wapi watu wamebanana zaidi. Akiitaja Kisauni kwa sababu safu yake ni ndefu, amevuka kile ambacho ubao unaweza kusema, kwani hakuna kipicha kilichopima ardhi. Hapo inahitajika ramani.