Bilioni 346 zilizotoweka Kenya, na pengo lilivyozibwa

Juni 26, 2024, Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Kodi za mswada huo zilitarajiwa kuleta shilingi bilioni 346, na matumizi yake yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mwaka wa fedha ulikuwa uanze Julai 1.

Katiba ina njia ya dharura. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali itumie kwanza, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili, mradi isizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka huo. Lakini kifungu hicho hutoa ruhusa ya kutumia tu, hakileti hata senti. Hapa kilichokosekana ni fedha zenyewe.

Julai 5 Rais akatoa hesabu yake: matumizi yakatwe kwa bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Ukijumlisha, pengo linaziba kamili. Pamoja na hayo alitangaza kufutwa kwa bajeti ya ofisi za wake wa viongozi na kusitishwa ununuzi wa magari mapya kwa miezi 12. Hatua hizo zilivuma sana, ila uzito wa bajeti hauko huko.

Uzito uko kwenye deni la umma na mishahara. Deni hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, kwa hiyo halingojei kura ya Bunge kila mwaka. Mishahara nayo ina watu wanaoingoja mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mkasi hukimbilia miradi ya maendeleo, na hapo ndipo msomaji wa makadirio ya ziada anapaswa kukaza macho. Mradi ambao haujaanza ukiondolewa, fedha zimeokolewa kweli. Lakini barabara ambayo mkandarasi amekwisha kuichonga ikipunguziwa fungu, hakuna kilichookolewa: kazi imefanyika, na ankara yake itarudi mwaka ujao ikiwa deni.

Mswada wa makadirio ya ziada uliobeba makato ya Rais ulipita Bungeni na kuwa sheria mapema Agosti. Sehemu moja, hata hivyo, haikuweza kumalizwa kwa mswada huo. Kaunti zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1 na Sheria ya Ugavi wa Mapato, sheria tofauti ambayo Seneti nayo ina kauli juu yake. Serikali ilitaka mgao ushuke hadi bilioni 380. Maseneta wakagoma, magavana wakalalamika, na suala likaishia kwenye kamati ya upatanishi ya mabunge mawili. Miezi ikapita kaunti zikiendesha hospitali bila kujua mgao wao kamili. Kiasi kilichokubaliwa hatimaye kilikuwa bilioni 387.4, yaani karibu bilioni saba na nusu ambazo serikali kuu ilikuwa imezihesabu kama akiba zilirudi kwa kaunti.