“Ongeza Bidii” Si Maoni

Nitasema mapema: benki ya maoni ya moko ya Hisabati, Kidato cha Pili, katika sekondari moja hapa Mpanda iliharibika siku ya mwisho. Kazi ya awali ilikuwa safi: walimu walisoma karatasi 40, kila kosa lililojirudia mara tatu wakalipa namba na maoni yake.

Kisha, ili karatasi zirudi haraka, wakaamua maoni yafuate daraja. Mwenye D, yaani 30 hadi 44, apate maoni ya D. Hapo ndipo walipochemsha.

Tazama karatasi mbili, zote zina 38. Ya kwanza, swali la kurahisisha 3(x − 2) − 2(x − 5), imeandikwa 3x − 6 − 2x − 10, jibu x − 16. Huyu anajua kufungua mabano. Kilichomponza ni alama ya kutoa iliyo nje ya mabano ya pili. Karatasi ya pili imepata x + 4 bila wasiwasi, ila eneo la mstatili wa mita 2 kwa sentimita 50 ikaandika 100, kwa kuwa mwenyewe hakubadili vipimo. Wote wawili wakarudishiwa “Ongeza bidii, fanya mazoezi zaidi.” Mazoezi ya nini? Nimeipiga vita sentensi hiyo miaka mingi, na bado inanifuata.

Ile namba 7 ya benki, iliyoachwa kwenye daftari, ilikuwa inasema kila kitu kuhusu karatasi ya kwanza: “Mstari wa kwanza: −2 mara −5 ni +10. Rudia swali, kisha fanya 4(y − 1) − 3(y − 2). Ukipata y + 2 umeelewa.” Mahali pa kosa, kosa lenyewe, kazi ya kufanya. Mwalimu anaandika 7 tu pembeni ya mstari, na orodha inabandikwa darasani. Tena namba zinahesabika: 7 ikitokea kwa zaidi ya nusu ya darasa, hilo si la mwanafunzi tena, somo lifundishwe upya.

Baraza la Mitihani halichambui majibu ya watahiniwa kwa daraja pekee. Taarifa zake huenda swali kwa swali na kutaja makosa. Mfano ulikuwepo kabatini.

Mwalimu wangu wa zamani hakuwa na benki yoyote. Aliweka nukta nyekundu pale kosa lilipoanzia, na alama alikuficha mpaka urudi na masahihisho. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maoni peke yake yalisaidia, lakini yakiandamana na alama faida ilipotea. Mzee hakuwa amemsoma. Alijua tu kwamba mtoto akishaona 38, karatasi inakunjwa.