Mshipa Upi Unauma?

Mgonjwa aliyetundikiwa serumu akisema "mshipa unaniuma", muuguzi bado hajajua la kufanya. Neno hilo hubeba mshipa wa damu na mshipa wa fahamu pia, na dawa ya mmoja si ya mwingine.

Lusenda, kando ya Ziwa Tanganyika wilayani Fizi, ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2015, kipindupindu si mgeni. Tuseme amefika mtu mzima wa kilo 50, amekaukiwa maji kabisa. Anahitaji lita 5 za Ringa Laktati ndani ya saa 3: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Kanula nene inaingizwa kwenye kikunjo cha kiwiko, mahali ambapo mshipa bado unapapasika. Kesho yake mkono unauma.

Swali la kwanza ni maumivu yalianza lini.

Yakiwa yalianza sindano ilipoingia tu, kama umeme uliokimbia hadi vidoleni, neva imeguswa. Sindano huchomolewa hapohapo. Kuendelea kuchokoa palepale ni kuongeza jeraha. Ganzi ikibaki, huchorwa mipaka yake kwa kalamu, ili wiki zijazo ionekane kama inapungua.

Yakiwa yalianza serumu ikiendelea kushuka, na ngozi imevimba, imekaza na ni baridi, maji yanavuja nje ya mshipa. Wengi huteremsha chupa na kuridhika damu ikirudi kwenye mpira. Hicho si kithibitisho, maana kanula yaweza kurudisha damu huku ikivujisha. Kipimo bora ni kidole: bonyeza mshipa juu kidogo ya ncha ya kanula, upande wa bega. Matone yakiendelea kudondoka kama kawaida, yanaingia nyamani. Ringa iliyovuja kidogo hunyonywa na mwili mkono ukiinuliwa. Kwinini au glukosi ya asilimia 50 huunguza nyama, kwa hiyo mrija hufungwa, na kabla ya kutoa kanula huvutwa kwanza kwa bomba kile kinachoweza kurudi.

Yakija baadaye, baada ya saa kadhaa au siku ya pili, mshipa wa damu umewaka. Wekundu hufuata njia yake, pana joto, na chini ya kidole unahisi kitu kigumu kama kamba. Kanula hutolewa, pakakandwa kwa kitambaa cha uvuguvugu. Ibuprofeni isiharakishwe kwa mtu huyu: figo zake zimetoka kukosa maji.

Vidole vya mikono yote miwili vikiwasha na kukakamaa, kanula haina kosa. Kuhara kumemaliza chumvi za mwili.

Linalotisha ni mkono uliovuja sana ukawa mgumu kama ubao, maumivu yakizidi, na kunyoosha vidole kukimtoa mgonjwa machozi. Maji yanaminya neva na damu kwa pamoja. Mapigo ya kifundo cha mkono yaweza kupapasika bado, yasimdanganye mtu: huyo apelekwe kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.